Kahawa mbichi inanuka uvundo: nikiichoma sumu inaisha au nirudishe mzigo?

Kijiwe cha Temeke
Wakuu habari za jioni. Mimi nachoma kahawa na kusaga, nauzia vijiwe na maduka kadhaa huku Temeke. Mwezi uliopita nilimpa dalali oda ya robusta safi, yaani iliyoshakobolewa, magunia 12 ya kilo 60 kutoka Karagwe. Sampo aliyonitumia ilikuwa kwenye kifuko cha nailoni, safi kabisa, punje zina rangi moja, nikalipa nusu. Mzigo umefika na lori juzi, nafungua gunia la kwanza fresh, la pili fresh, la tatu aisee harufu inanipiga kama stoo ambayo haijafunguliwa tangu masika. Nimepiga simu dalali anasema hiyo ni harufu ya gunia tu, ukichoma inapotea. Sasa nimesikia kuna sumu ya ukungu kwenye kahawa, watu wanaiita okratoksini, sijui inakuwaje. Naomba mwenye ujuzi anieleze, nichome au nirudishe? Hela yangu yote iko humo.

Mchumi wa Kinondoni
Mkuu usiogope, kahawa inachomwa zaidi ya nyuzi 200, hakuna fangasi atakayepona hapo. Wewe cha kuangalia ni unyevu tu, nunua kipima unyevu, ikisoma chini ya 12 na nusu mzigo uko poa, piga kazi.

Chawa Pro
Changanya na nzuri, weka tangawizi nyingi, wateja wa kijiweni hawajui lolote 😂

Mkoboaji Mstaafu
Kijana wa Temeke usichome kwanza. Na huyo wa tangawizi apuuzwe.

Nimekaa kwenye kiwanda cha kukoboa Kagera miaka mingi, kazi yangu ilikuwa kupokea na kukagua. Mchumi kapatia nusu, ni kweli fangasi mwenyewe anakufa kwenye moto, ila sumu aliyoiacha siyo kiumbe kwamba itakufa. Inapungua kwenye kuchoma, kuna mzigo inapungua sana na kuna mwingine inabaki nyingi tu, inategemea umechoma kwa kiasi gani na ilikuwa kiasi gani mwanzoni, na hiyo inayobaki ukichemsha kahawa inaingia kwenye kikombe. Kwahiyo "ichome itapotea" ni kweli kwa harufu tu, tena siyo mara zote.

Kabla hujarudisha wala kuchoma chochote fanya hivi, mwaga kila gunia peke yake kwenye turubai safi, usichanganye hata mawili. Angalia gunia lenyewe kwa nje kwanza, lina alama ya maji au halina, iko upande gani. Halafu zamisha mkono katikati ya kahawa uone kama kuna joto au punje zilizogandana. Chukua punje moja moja uangalie kwenye ule mfereji wa tumboni, ukungu huwa unajificha pale hata kama mgongo wa punje unang'aa. Angalia vipande vya ganda vilivyobaki. Ukimaliza rudi hapa utuambie gunia kwa gunia, nitakwambia tatizo limeanzia wapi, maana dalali wako ataleta hadithi.

Mama Swaumu
Samahanini na mimi nina shida hiyo hiyo, kahawa yangu ya unga niliweka kwenye kopo la bati jikoni, juzi nafungua naona imeshikana madonge na juu kuna weupe, je nikiianika juani inafaa?

Mkoboaji Mstaafu
Mama yangu hiyo ni kesi nyingine, hiyo imekuharibikia jikoni kwa mvuke na kijiko kibichi. Mwaga tu, usianike. Jua linakausha, haliondoi kilichokwisha kutengenezwa. Hapa tunaongelea iliyoharibika kabla hata haijachomwa.

Mchumi wa Kinondoni
Mzee shikamoo, lakini hii si ndo sumukuvu ile ile ya mahindi? Ile ya Dodoma na Manyara 2016 watu walikufa. Kama ingekuwa kwenye kahawa si Bukoba nzima ingeshaisha?

Binti Maabara
Naomba nijibu hili. Ile ya mahindi 2016 ilikuwa aflatoksini, inashambulia ini na ikiwa nyingi mno inaua kwa siku chache. Ya kahawa tunayoihofia zaidi ni okratoksini A, hii ni ya taratibu, mhanga wake mkuu ni figo, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Hakuna mtu atakunywa kikombe kimoja adondoke. Ndo maana watu wanaichukulia poa, hakuna msiba wa kuonyesha kidole. Viwango vyake vinapimwa kwa maikrogramu kwa kilo, Umoja wa Ulaya walikuwa na kikomo cha 5 kwa kahawa iliyochomwa, tangu Januari 2023 wakashusha hadi 3. Ya kuyeyusha ilikuwa 10 sasa ni 5.

Nyeri Boy
Niko Nyeri na tunaona hii kitu kila msimu kwa mbuni. Cherry nzuri inaenda factory inaoshwa, zile zimebaki kwa mti, zimekauka vibaya ama zimeanguka chini, mkulima anaanika nyumbani kama mbuni, saa ingine juu ya mchanga tu, mvua inanyesha usiku hakuna mtu wa kufunika. Asubuhi jua linatoka anasema imekauka tena. Kwa macho imekauka kweli. Lakini imenyeshewa mara ngapi hapo katikati hujui.

Mkoboaji Mstaafu
Nyeri Boy umegusa penyewe, ngoja nieleze hapo maana watu wengi wanadhani hatari ni kahawa mbichi kabisa.

Tunda likitoka mtini lina maji mengi mno, pale chachu na bakteria ndo wanatawala, huyu fangasi wa sumu hapati nafasi. Likikauka sawasawa napo hawezi kuota, hana maji. Hatari iko katikati, pale tunda limenywea, limekuwa jeusi, ukilishika linabonyea kama ngozi. Hapo wale wengine wameshindwa kwa ukame na yeye bado anamudu, ana shamba lake peke yake. Kwahiyo jambo la msingi siyo tu kahawa ilikauka au haikukauka, ni ilikaa muda gani kwenye hiyo hali ya katikati. Ikipita haraka hakuna shida kubwa, ikikwama pale wiki nzima kwa sababu ya mvua au kwa sababu mtu kaanika tabaka nene la shubiri nzima halafu hageuzi, sumu inatengenezwa, baadae hata ukija kukausha hadi 11 sumu iko pale pale na mita itakusomea vizuri kabisa.

Kwetu Kagera mavuno makuu ni Mei hadi kwenye Septemba, Oktoba hivi. Zile za Juni Julai zinapata jua. Hizi za mwishoni zinakutana na vuli. Na kuna mambo ya butura, mkulima kashakula hela ya mnunuzi kabla kahawa haijaiva, mwenye hela anataka mzigo wake mapema kabla mwingine hajauchukua, basi inachumwa mbichi kwa iva, inaanikwa siku chache, inafungwa kwenye kiroba ikiwa bado inabonyea. Ndani ya kiroba inapata joto. Ukipita kwenye nyumba ya namna hiyo unasikia harufu kama ya pombe iliyochacha, hapo ujue.

Mnunuzi wa maganda, yaani tunda zima lililokaushwa kabla ya kukobolewa, akitaka kujua kirahisi achukue konzi ya maganda atikise karibu na sikio, yaliyokauka punje inacheza ndani inalia kabisa, yasiyokauka yako kimya. Avunje kadhaa kutoka katikati ya kiroba siyo juu. Punje iliyokauka ukiing'ata haibonyei, meno yanateleza, ikiacha alama ya jino bado.

Binti Maabara
Naongezea kidogo tu, mwongozo wa 2009 wa Kodeksi, wale wanaoweka viwango vya chakula vya kimataifa, kuhusu hii sumu kwenye kahawa unalisisitiza hilo hilo la kutoiacha ikae kwenye unyevu wa katikati, wanaongelea siku chache tu.

Mswahili wa Maskati
Assalaam aleikum ndugu zangu. Huku Oman kahawa yetu tunaichoma nyepesi sana, ya dhahabu. Je mzee hapo sisi ndo tuko hatarini zaidi kuliko wanaochoma nyeusi?

Mkoboaji Mstaafu
Waleikum salaam. Ikiwa mbichi yenyewe ina sumu, ndiyo, ukichoma nyepesi inabaki zaidi. Ila mkichoma nyepesi nyie mnasikia harufu mbaya kirahisi, wanaochoma nyeusi tii wanaifunika. Sijui kipi bora hapo, mimi ningenunua mbichi nzuri tu.

Kijiwe cha Temeke
Mzee shikamoo. Nimeshinda stoo leo na vijana wangu wawili, tumemwaga yote moja moja. Majibu ni haya.

Magunia 2 yana alama ya maji kwa nje, kama ramani ya kahawia upande mmoja, chini karibu na kona. Ndani pale kwenye alama punje zimegandana donge kubwa kama ngumi, zina unga wa kijani na mwingine wa njano hivi, ila ukienda upande wa pili wa gunia punje ni kavu na nzuri tu.

Magunia 4 kwa nje hayana alama hata kidogo, gunia kavu, jipya. Ila ndani harufu ni ile ile kuanzia juu mpaka chini. Punje hazina rangi moja, nyingine zimepauka kama zimepigwa chokaa, nyingine zina mabaka kahawia, kwenye mfereji kuna weupe fulani ukikwangua na ukucha unatoka kama unga. Kuna vipande vingi vya ganda vimeng'ang'ania kwenye punje na punje nyingi zimekuwa bapa, kama zimekanyagwa. Wakati wa kumwaga vumbi lilitimka mpaka kijana mmoja akaanza kukohoa.

Yaliyobaki 6 hayana neno, mita niliyoazima imesoma 12 kwenye hayo. Kwenye yale 4 imesoma 12.3. Dalali anasema yote 6 mabaya yamelowana kwenye lori kwahiyo niongee na mwenye lori.

Mkoboaji Mstaafu
Marahaba. Umefanya kazi nzuri, sasa nikusomee.

Hayo 2 yamelowana njiani au kwenye stoo ya mtu. Maji ya nje yanaacha ramani kwenye gunia na uharibifu unaanzia pale kwenye ramani kuingia ndani, upande mwingine unabaki salama. Turubai la lori lilitoboka, au yalikaa sakafuni yamegusa ukuta. Hapo dalali anaweza kuwa na haki.

Hayo 4 hapana. Maji ya lori hayawezi kulowesha katikati ya gunia yakaacha gunia kavu. Ubaya ulioenea sawasawa juu mpaka chini umeanza kabla kahawa haijaingia kwenye hilo gunia. Na punje bapa ndo ushahidi wako mkubwa, kahawa ikikobolewa ikiwa bado na unyevu ni laini, mashine inaibana inakuwa bapa, na ganda halitoki vizuri linang'ang'ania. Baadae ndo imekaushwa ikiwa imeshakobolewa ikafika hiyo 12.3, ila imekobolewa mbichi. Kavu ingevunjika vipande, isingekuwa bapa. Muulize dalali lori linawezaje kufanya punje kuwa bapa.

Na hivyo vipande vya ganda usividharau. Sumu kwenye kahawa iliyokaushwa na ganda lake inakuwa nyingi zaidi kwenye ganda kuliko kwenye punje, kwahiyo kahawa iliyokobolewa vibaya imebeba ganda ndani yake unaisaga na unakunywa na ganda.

Mchumi wa Kinondoni
Sasa mita imesoma 12.3 mzee, hapo inamaanisha mita ni bure?

Mkoboaji Mstaafu
Siyo bure. Inakwambia leo kahawa ina maji kiasi gani, haikwambii ilipitia wapi. Tena inakupa wastani. Chukua viroba 9 vya asilimia 11 na kimoja cha 20, changanya, mita itakusomea 11.9 na utafurahi, kumbe kile kimoja kilishaoza kikiwa peke yake. Na kama mita umeazima kwa mtu wa mahindi hakikisha imewekwa kwenye kahawa, ukiiacha kwenye mahindi inakudanganya.

Nyeri Boy
Hata ukitaka kuhakikisha mita iko sawa, weka gram 100 za kahawa kwa oven ya 105 masaa 16, upime tena. Imebaki 88, basi ilikuwa na 12. Stima itakula lakini ni mara moja.

Kijiwe cha Temeke
Asanteni sana wakuu. Sasa haya 6 mazuri je, naweza kuchoma kwa amani? Na yale 2 nikitoa donge nikabaki na upande mkavu?

Binti Maabara
Hapa nitasema kitu ambacho hakitakufurahisha. Kutoona ukungu siyo ushahidi kwamba sumu haipo, na kuona ukungu siyo ushahidi kwamba ipo, maana fangasi wengi wa kijani na weupe hawatengenezi okratoksini kabisa. Macho na pua vinakwambia mzigo ulitunzwa vibaya, mwisho wao hapo. Sumu inaonekana maabara tu.

Na hata maabara inakosea kama sampo ni mbovu. Sumu haijaenea sawa, inakaa kwenye punje chache. Tuseme kilo 1 ndani ya gunia la kilo 60 ina maikrogramu 200 na zilizobaki 59 hazina kitu. Ukilichanganya gunia zima wastani unakuja 3.3, tayari imezidi kile kikomo cha Ulaya cha kahawa iliyochomwa. Lakini ukichota konzi moja ya juu ukaleta maabara, uwezekano mkubwa nitakuandikia haipo. Kwahiyo chota kidogo kidogo sehemu nyingi za kila gunia, juu, katikati, chini, pembeni, zikusanye, changanya vizuri, halafu ndo ulete, na mwambie wa maabara asage yote kabla ya kupima, asichague punje kadhaa. TBS wanapima sumukuvu, waulize kuhusu kahawa na gharama zao kabla hujaenda.

Mkoboaji Mstaafu
Nakubaliana naye, ila mimi hayo 2 ningetoa donge na kahawa yote inayolizunguka kwa upana, nikachambua iliyobaki kwa mkono, sampo ya gramu 300 kutoka kila gunia nikatoa zote zenye mabaka, zilizopauka, nyeusi na zilizotobolewa, kama zilizotoka ni nyingi naachana nalo.

Binti Maabara
Mzee hapo tunatofautiana, mimi ningeyatoa yote mawili. Kama lilikaa limelowana wiki mbili kwenye joto la Dar hujui ukungu ulitembea mpaka wapi bila kuonekana.

Mkoboaji Mstaafu
Sawa binti, wewe una mashine yako na mimi nina kahawa ya mtu ya hela. Aamue mwenyewe.

Chawa Pro
Ila kweli mkichanganya kidogo kidogo si inapungua mpaka chini ya hicho kikomo? Siyo utani sasa hivi.

Binti Maabara
Kwenye hesabu ya wastani ndiyo, kwenye kazi siyo. Ulaya wamekataza kabisa kuchanganya mzigo uliozidi na mzuri ili ushuke, na hapa kwetu magunia 4 kwenye 6 siyo "kidogo kidogo", ni kuharibu 10.

Mswahili wa Maskati
Kuna namna ya kujaribu harufu kwa mtu asiye na pua ya kazi? Mimi nikinusa gunia moja, la tatu sisikii tena kitu.

Mkoboaji Mstaafu
Weka punje kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, ijae nusu, iache mahali pa joto mpaka jioni, fungua ukiwa na pua karibu. Kahawa mbichi nzuri inanuka majani makavu, kama nyasi hivi. Mbovu utasikia vumbi, turubai bichi, udongo wa chini ya kabati. Ukitaka uhakika zaidi choma kidogo, nyepesi, usifanye nyeusi, saga mwagia maji ya moto bila sukari bila chochote, ikipoa ndo onja. Uvundo unatoka zaidi ikiwa vuguvugu kuliko ikiwa ya moto.

Halafu Temeke, jambo moja kuhusu hayo 6 usije ukalala. Umeyaweka wapi? Kahawa inavuta maji hewani, Bukoba imefika 12 lakini Dar karibu na bahari hewa yenyewe imeloa, ikikaa kwenye gunia la katani wiki nyingi inapanda hata kama hakuna tone la mvua. Weka kwenye mifuko ile isiyopitisha hewa ndani ya gunia, kwenye mbao, mbali na ukuta, na siyo chini ya bati tupu, usiku bati linatoa jasho linadondokea. Pima tena kila baada ya wiki kadhaa.

Kijiwe cha Temeke
Yako sakafuni mzee 😔 nayahamisha kesho asubuhi.

Mrejesho wa dalali, nimemtumia picha za punje bapa na zile za mabaka, nikamuuliza swali la lori kama ulivyosema. Kanyamaza toka mchana, jioni kaandika atachukua yale 4 anirudishie hela kwa awamu, haya 2 hataki, anasema ni ya mwenye lori na mwenye lori hapokei simu. Sampo ya yale 6 nimeshachota, naulizia maabara kesho.

Nyeri Boy
Na hizo gunia 4 akishachukua, anapeleka wapi?

Kijiwe cha Temeke
Sijamuuliza. Ila jamaa yangu mwenye mashine ya kusaga Mbagala kaniambia leo kuna mtu kampigia anauza robusta "iliyokauka vizuri" bei poa, magunia 4.

Mama Swaumu
Sasa sisi wa pakti ya unga tutajuaje jamani?

Mkoboaji Mstaafu
Kwenye unga mama hutaona mabaka wala mfereji. Onja bila tangawizi ikiwa vuguvugu, nunua kwa mtu anayekuonyesha punje kabla hajasaga. Temeke, mpigie huyo jamaa wa Mbagala usiku huu huu umtumie zile picha.